Tupeane uzoefu: ni jibu gani kwenye intavyuu lilipaswa kukustua?

Mama Zuu, Likoni
Mdogo wangu jana alienda intavyuu afisi moja ya Shimanzi. Amerudi na furaha, eti aanze Jumatatu. Nikamuuliza kazi yenyewe ni ipi, akasema atasaidia saidia kila upande. Aliyekuwapo kabla yake kaenda wapi? Aliuliza, akajibiwa, "Watu huja na kuondoka." Basi. Tangu hapo sina raha, na yeye anaona namtilia kisirani. Waliopitia haya naomba mseme.

Chumvi ya Bahari
Hilo jibu nalijua. Niliambiwa hivyo hivyo, nikadumu wiki 5.

Mwana wa Changamwe
Mama Zuu, umenigusa pabaya. Niko kwenye kazi ya kutoa mizigo bandarini miaka 11 sasa. Mwaka 2019 niliitwa na wakala mmoja wa forodha, kazi waliita "msimamizi wa shughuli". Nikamuuliza bosi nafasi imepatikanaje. Akasema kampuni inakua, nafasi ni mpya. Nikauliza nitasimamia nini hasa, akasema, "Wewe ni mtu mzima, utaona cha kufanya." Nilipotoka, dada wa mapokezi akanipa pole ya jua na kuniuliza, "Wewe ndiye unayekuja mahali pa yule aliyeondoka Februari?"

Hapo ningesimama. Nafasi mpya haina aliyeondoka Februari. Lakini nilikuwa na kodi ya miezi 2 na mtoto anaingia kidato cha kwanza, nikajiambia pengine dada amechanganya.

Siku ya kwanza nikafungua daftari la kutolea mizigo. Miandiko 4 tofauti ndani ya miezi 14! Kila mmoja anaanza kwa maandishi mazuri, halafu yanaharibika, halafu anakuja mwingine.

Sababu nilikuja kuijua mwezi wa pili. Kontena la mzigo wa humu nchini likishushwa bandarini hukaa siku 4 bila malipo. Zikipita, unalipa ya kuweka kila siku, na kampuni ya meli nayo inakudai ya kontena lake. Bosi wetu alikuwa hatoi pesa za ushuru mpaka mteja amalize kulipa, na mteja naye anasubiri aone mzigo. Makaratasi yangu yako tayari siku ya 2, kontena linatoka siku ya 9. Zile siku 5 lazima alipe mtu, na mteja kashakataa. Basi akaitwa "msimamizi". Mshahara ulikuwa 45,000. Mwezi wa pili nikakatwa 15,000, wa tatu 18,000. Nikisema pesa za ushuru si mimi ninayezitoa, naambiwa, "Wewe si ndiye msimamizi?"

Ndipo nikaelewa kwa nini hakutaka kunieleza kazi. Angeandika kwamba ushuru unalipwa na yeye, angepata wapi wa kumbebesha? Na ndiyo sababu watu hawakai pale. Yale maswali mawili, kazi ni nini na aliyetangulia yuko wapi, jibu lake lilikuwa moja.

Niliondoka mwezi wa nne. Mama Zuu, mzuie kijana.

Binti Kibokoni
Wallahi nimesoma mara mbili. Pole sana kaka.

Kusi
Poleni, lakini msimtishe kijana wa watu. Si kila mahali wanapoondoka watu ni pabaya. Mimi ni wa hoteli, pwani ya kaskazini. Mvua za Aprili mpaka Juni wageni wanapungua na mikataba inaisha. Ukihesabu walioondoka utasema pale kuna jini.

Mwana wa Changamwe
Kusi, nilikatwa 33,000 kwa miezi miwili, wewe unaniambia habari za mvua?

Kusi
Sijakukanusha ndugu yangu. Nasema kwetu swali la "wangapi wameondoka" halisaidii. Uliza, "Wa msimu uliopita mmewaita tena wangapi?" Hoteli yenye heshima itakwambia wahudumu wale wale wamerudi mwaka wa tatu. Ikiwa kila Julai ni sura mpya, hapo nami nitaogopa.

Mwana wa Changamwe
Hilo nalikubali.

Abu Twalib
Mimi niliitishwa 5,000 ya fomu na ya kupimwa afya, nikalipa, na afisi sikuiona tena. Tahadharini na matapeli.

Binti Kibokoni
Pole, lakini hao ni wezi tu. Hapa tunazungumzia afisi za kweli.

Abu Twalib
Na wanaokata mshahara si wezi?

Mtetezi
Msihangaike. Sheria inasema majaribio ni miezi 3 tu na kukata mshahara ni marufuku. Aanze kazi, wakimchezea awapeleke afisi ya leba.

Karani wa Tononoka
Mtetezi, hapo umepatia nusu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 42, inaruhusu majaribio mpaka miezi 6, na kuongezwa mpaka 6 mingine ukikubali. Kukata nako kifungu cha 19 kinaruhusu kiasi cha haki, kwa hasara uliyoisababisha kwa makusudi. Ya kaka wa Changamwe sioni makusudi yake hapo, lakini kuthibitisha bila karatasi ni safari. Kifungu cha 10 kinataka maelezo ya kazi yako yaandikwe, ila mwajiri ana mpaka miezi 2 tangu uanze. Miezi 2 ni mingi. Ndiyo maana nasema aombe karatasi kabla.

Mtetezi
Nimekuelewa, ingawa rafiki yangu alishinda kesi ya kukatwa.

Chumvi ya Bahari
Ukiuliza sana wanakuona mjuaji na unakosa kazi. Nyamaza, ingia, tafuta nyingine ukiwa ndani.

Bi Mkubwa wa Majengo
Mimi nimekaa upande wa pili wa meza miaka 8, nikiandika watu kazi. Chumvi, kuuliza hakukukoseshi kazi penye kazi. Lakini jueni pia kwamba wakati mwingine anayekusaili hajui kweli, kwa sababu nafasi imeombwa na mkuu wa idara ambaye hayupo chumbani. Asiyejua atakwambia, "Ngoja nimuulize," na atakuuliza nambari yako. Anayeficha atakurudishia swali: "Kwani wewe unaogopa kazi?"

Tena msiulize kwa nini aliyetangulia aliondoka. Hiyo ni siri ya mtu, hata mimi nilikuwa siijibu. Uliza alikaa muda gani, na kabla yake nani alikaa muda gani. Muda si siri. Halafu uliza, "Mwisho wa mwezi wa tatu mtanipima kwa kitu gani?" Kazi isiyo na kipimo sijui anayeilipia analipia nini. Maswali hayo hayo muulize na yule atakayekuwa bosi wako, peke yake, kisha ulinganishe.

Chumvi ya Bahari
Bi Mkubwa, wewe una kazi. Mwenye njaa hana nafasi ya kulinganisha.

Binti Kibokoni
Basi aende kwenye kibanda cha chakula karibu na afisi saa saba mchana. Wanaokula pale wanajua nani ni mgeni kila mwezi.

Mama Zuu, Likoni
Nimemsomea yote. Ya daftari imemnyamazisha. Amewapigia, ameuliza aliyepita alikaa muda gani na kama anaweza kupata kazi yake kwa maandishi. Yule wa simu kasema atamuuliza mkubwa, lakini hakusema lini. Bi Mkubwa, huyu hajui au anaficha?

Bi Mkubwa wa Majengo
Mpe mpaka kesho jioni. Alichukua nambari yake?

Mama Zuu, Likoni
Hakuiuliza.