Tupeane uzoefu: foto zilizolala ubavu ao kichwa chini, munazigeuza kwanza ao munaipa modeli ya AI vile vile?

Depo_Birere (Goma)
Ndugu zangu, hapa tunanunua maharagi kutoka vijijini. Karani anapiga foto ya bordero na ya kioo cha mizani, anatuma, modeli inasoma na kujaza jedwali. Foto nyingi zinafika zimelala ubavu, zingine miguu juu. Kuna siku inasoma vizuri tu. Kuna siku inaleta namba ambazo hakuna aliyeziandika, tena bila kusita hata kidogo. Nyinyi munafanyaje? Leteni yale mliyoyaona kwa macho yenu, si ya kusikia.

Kijana_Katindo (Goma)
Musijichoshe. Modeli za sasa hazijali. Niliipa foto ya pikipiki imepinduka kabisa, ikajua ni pikipiki iko mbele ya duka la dawa, na maandishi ya kibao ikasoma. Kugeuza ni kazi ya zamani.

Fundi_Kadutu (Bukavu)
Katindo, kwa pikipiki uko na haki. Kitu kikubwa kinatambulika hata kikiwa kichwa chini, na neno kubwa la kibao modeli inalikisia kwa sababu inalijua neno lenyewe. Namba haina msaada huo. Hakuna kitu kwenye "86" kinachoiambia modeli kwamba lazima iwe 86.

Depo, kwanza utenganishe foto zako, maana kuna kulala kwa namna mbili, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Namna ya kwanza: foto unaiona wima kwenye simu, lakini modeli inaipata imelala. Simu nyingi zinahifadhi pikseli jinsi kamera ilivyozipata, halafu zinaandika pembeni, ndani ya EXIF, yale maelezo yanayofichwa kwenye faili ya foto, alama ya `Orientation`. 1 maana yake iko sawa, 3 igeuzwe nusu duara, 6 igeuzwe robo kufuata saa, 8 robo kinyume cha saa. Galeri ya simu inaitii alama hiyo. Programu yako inaweza isiitii: Pillow, ile maktaba ya foto ya Python, ukiifungulia foto kwa `Image.open` tu, inakupa pikseli zilivyolala. Hapo mstari mmoja unatosha:

```python
from PIL import Image, ImageOps
im = ImageOps.exif_transpose(Image.open("bordero.jpg"))
im.save("wima.jpg")
```

Namna ya pili ndiyo inayowasumbua watu wa depo. Karani anaweka karatasi mezani, anainamisha simu juu yake mpaka inatazama chini moja kwa moja. Simu inajua juu na chini kwa kupima mvuto wa dunia. Ikilala bapa, mvuto unaingia kwenye mgongo wake na haiwezi kujua ubavu upi ni wa juu. Inabaki na ule wa mwisho, ao inabahatisha. Foto inatoka na alama isiyo ya kweli, na ule mstari wa Pillow utaitii alama hiyo ya uongo kwa unyenyekevu wote. Utaitambua haraka: hata kwenye galeri inaonekana imelala.

Ukumbuke pia kwamba foto iliyotumwa WhatsApp kama foto ya kawaida inafika bila EXIF yake. Ikitumwa kama dokima, inabaki na kila kitu. Kwa hiyo karani mmoja anaweza kukuletea aina zote mbili siku moja.

Mama_Studio (Bukavu)
Mimi kwangu ni selfi. Mteja ameshika diplome yake, maandishi yote yanasomeka kinyumenyume. Nimezungusha pande zote nne, hakuna kitu. Nageuzaje?

Fundi_Kadutu
Mama, hiyo si kuzunguka, ni kioo. Kamera ya mbele imebadilisha kushoto na kulia, na hata uzungushe mpaka usiku hairudi. Kwenye programu ya kuhariri utafute ile ya kupindua kushoto–kulia, si ya kuzungusha.

Mizani_Kamalondo (Lubumbashi)
Mimi niko na kesi ya mizani kabisa. Tunapokea mahindi mu magunia, mizani iko na kioo cha namba za taa. Kijana alikuwa anasimama upande wa nyuma, anapiga foto ya kioo kwa juu, njo namba zote zilikuwa zinaingia kichwa chini. Modeli haikulalamika hata mara moja.

Angalieni vile inaharibika. Kwa namba za taa, 0, 2, 5 na 8 zikipinduliwa zinabaki vile vile. 6 inakuwa 9, na 9 inakuwa 6. Halafu mpangilio unageuka, ya mwisho inakuwa ya kwanza. 82 inasomwa 28. Hiyo tunaikamata mara moja, gunia la mahindi la kilo 28 ni la wapi? 95 inakuwa 56, nayo inaonekana. Lakini 86 inakuwa 98! Zote mbili ni uzito wa kawaida wa gunia. Siku hiyo magunia mawili ya 86 yaliandikwa 98, kilo 24 za hewa, na zilikuwa zilipwe. Jumla ya jedwali ilikataa kulingana na ile ya karatasi ya kamyo, njo tukarudi kwenye foto.

Na 88 na 96 zikipinduliwa zinabaki 88 na 96. Kwa hiyo mtu anaweza kujaribu na foto mbili tatu, akaona zote sawa, akasema modeli inaweza.

Depo_Birere
Yaya, hiyo ya 98 imeniamsha. Kwani huwezi kuiuliza tu modeli "foto hii imelala upande gani?" kisha ugeuze kufuatana na jibu?

Fundi_Kadutu
Unaweza, lakini usiitegemee kwa robo duara. Wima inaitambua, kichwa chini mara nyingi inaitambua, ila kati ya iliyolalia kushoto na iliyolalia kulia inachanganya sana. Imefundishwa kwa foto ambazo karibu zote ziko wima. Hata watengenezaji wa modeli kubwa wanaandika kwenye maelekezo yao kwamba foto iliyozungushwa inaweza kusomwa vibaya.

Sekretaria_Ndendere (Bukavu)
Kwa karatasi zilizochapwa mimi natumia Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye foto, kupima upande kabla ya yote:

```
tesseract foto.jpg - --psm 0
```

Inaleta mstari kama `Rotate: 90`, na chini yake `Orientation confidence`. Ikiwa ndogo, naangalia kwa macho. Kwa kioo cha mizani haifai, inakataa na `Too few characters`. Na kwa mwandiko wa mkono siiamini.

Kwa hizo ngumu ninatengeneza nakala nne, moja kwa kila upande, zote zinasomwa, na ninabakiza ile ambayo mistari yake inajumlika mpaka jumla iliyoandikwa chini. Inakula mara nne, kwa hiyo si kwa kila foto.

Kijana_Katindo
Sasa mimi bordero zilizochapwa zikilala ubavu inanisomea sawa, naziangalia moja moja. Mbona munaifanya kama haiwezi kabisa?

Sekretaria_Ndendere
Hakuna aliyesema haiwezi. Herufi zikiwa kubwa na safi, hata mimi imenisomea ubavu. Ila modeli nyingine, karatasi ile ile, iliruka mistari miwili. Wewe unaziangalia zote, Depo hana muda huo.

Mizani_Kamalondo
Sisi tumebandika mshale wa karatasi juu ya kioo cha mizani, unaelekea juu. Foto ambayo mshale hauelekei juu, karani anairudisha mbele modeli haijaiona.

Depo_Birere
Mshale naweka kesho. Sasa hii: bordero iko wima, lakini mnunuzi ameandika "toa 3 kg, unyevu" kwa kalamu pembeni, kwa ubavu. Nikigeuza kwa ajili ya pembeni, jedwali linalala.

Fundi_Kadutu
Kata ule ukingo uwe foto yake, uugeuze, usomwe peke yake. Kwangu inafanya kazi pale ambapo kila karani anaandikia upande ule ule. Wa kwenu wanaandikia wapi?

Depo_Birere
Popote palipobaki nafasi.