Naomba ushauri, niongeze bawa ama mota?

Wadau habari zenu, niko Nakuru na nimekwama na kandege ka rimoti ka kilo 2. Nilitaka kaweze kushuka polepole, kasianguke hadi spidi ishuke mpaka mita 9 kwa sekunde, namba ya unyanyuzi nikaweka 1.2, nikapiga S = 2W/(ρV²CL) nikapata bawa la mita za mraba 0.33. Kumbe nilitumia uzito wa hewa ya usawa wa bahari, kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, na sisi huku juu tuko kama 1.02 hivi! Nikirudia inakuja karibu 0.40, na hilo nililojenga linaanguka mapema, kwa mita 9.9. Msukumo nao nilipangia nusu ya uzito, lakini nikivuta na mizani ya samaki napata gramu 840 tu, yaani 0.42, na kwa nyasi inakimbia weee bila kupaa.

Sasa swali, kwa kuruka kwa nyasi nianze kupanua bawa ama nibadilishe propela na mota? Na bawa kubwa likiongeza kama gramu 150, hesabu ya eneo narudia mara ngapi ndio itulie?