Afisa mpya wa ufuatiliaji anaingia mradi ukiwa katikati: nimpe nini wiki za mwanzo?

Mratibu_Kanda

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kwa waliowahi kumpokea mtu mpya mradi ukiwa unaendelea.

Nasimamia mradi wa maji vijijini mkoa wa Dodoma. Ni wa miaka 3 na sasa tuko mwaka wa pili. Timu ni ndogo: mimi, fundi sanifu wa maji, maafisa jamii wawili, mhasibu na dereva. Afisa wetu wa ufuatiliaji na tathmini amepata kazi kwingine na ameshaondoka. Mrithi wake anaanza Jumatatu. Ni binti mwenye shahada ya takwimu, kabla ya hapa alikuwa kwenye taasisi ya mikopo. Hesabu anaziweza, ila mambo ya maji hajawahi kuyagusa.

Nimemwandalia kabrasha: andiko la mradi, mkataba na mfadhili, jedwali la viashiria, ripoti zote za robo mwaka, bajeti, Sera ya Maji ya 2002 na kanuni za ofisi. Nikiliangalia, limekuwa zito mno. Ninachohofia ni asome wiki mbili nzima, kisha nimkabidhi ripoti ya robo hii akiwa bado hajui namba zinatoka wapi. Ripoti inatakiwa baada ya wiki sita. Nipunguze nini, na kazi yake ya kwanza iwe ipi?

Fundi_Mkongwe

Mratibu, hayo makaratasi weka kando. Siku ya kwanza mpandishe kwenye gari aende kijijini. Aone tanki, aone vilula vya kuchotea maji, akae na jumuiya ya watumia maji awasikilize. Maji hayasomwi ofisini. Mimi vijana wote nimewafundisha hivyo, baada ya mwezi wanajua kila koki ilipo.

Salama_HR

Mkataba wake wa majaribio ni wa muda gani? Hakikisha umempa maelezo ya kazi kwa maandishi na amesaini kabla hajagusa chochote, ikija shida baadaye utakuwa na pa kusimamia.

Mratibu_Kanda

Dada Salama, asante. Hayo ya mkataba mhasibu ameshayamaliza. Mimi nauliza namna ya kumwingiza kwenye kazi yenyewe. Fundi, nakuelewa, ila gari linakwenda vijijini Jumatano tu, na akifika huko bila kujua anatafuta nini naona atarudi na picha tu.

Mama_Viashiria

Ndugu Mratibu, hii nimeifanya kwenye miradi kadhaa ya maji, ngoja nikueleze kwa urefu kidogo.

Kabrasha lako lina kila kilichoandikwa mwanzoni, lakini sidhani kama lina yale mliyokubaliana njiani, na hayo ndiyo atakayoyahitaji zaidi. Mfano: kilula kikiharibika na kutengenezwa ndani ya siku chache, robo hiyo kinahesabiwa au hakihesabiwi? Mara nyingi jibu liko kwenye barua pepe moja ya mfadhili au kichwani mwa aliyeondoka. Kabla ya Jumatatu, kaa na maafisa jamii kwa muda wa saa mbili, mwandike maamuzi ya aina hiyo kwenye karatasi moja: mliamua nini, lini, nani alikubali. Ongeza karatasi ya pili yenye maana ya kila kiashiria na namna kinavyokokotolewa. Hizo mbili pamoja na ripoti moja ya mwisho zinamtosha wiki ya kwanza. Andiko, mkataba na sera viwekwe kwenye folda, atavifungua akivihitaji.

Kazi ya kwanza: mpe data ghafi za robo iliyopita, umwambie akokotoe upya kiashiria kimoja tu, cha watu wanaopata maji. Jibu la ripoti unalo tayari, yeye usimwonyeshe. Nitakupa mfano wa namba za kubuni.

Tuseme kijiji cha kwanza kina vilula 9 na watu 2,400. Ziara za Januari hadi Machi zilikuta 2 havitoi maji. Kijiji cha pili kina vilula 8, vyote vinatoa, na watu 1,500. Sera ya 2002 inahesabu kilula kimoja kwa watu 250. Kwa hiyo kijiji cha kwanza ni 7 mara 250, sawa na 1,750. Cha pili ni 8 mara 250, yaani 2,000, lakini huwezi kuhudumia watu wengi kuliko waliopo, basi unaandika 1,500. Jumla 3,250.

Sasa subiri alete jibu lake, maana hata likiwa na kosa litakuambia amekwama wapi. Akileta 4,250 ujue amezidisha vilula vyote 17 bila kufungua fomu za ziara wala kuangalia idadi ya wakazi. Akileta 3,750, ama ameondoa vibovu ila hajajua kikomo cha idadi ya wakazi, ama amejua kikomo ila hajaondoa vibovu, kwa hiyo muulize amefikaje hapo. Akileta 2,750, hapo kuna mtego ambao hata wazoefu wanaingia: amechuja data kwa tarehe iliyotumwa badala ya tarehe ya ziara. Kwenye KoboToolbox, mfumo wa kujazia fomu kwa simu, kuna safu ya `_submission_time`. Afisa jamii akijaza fomu tarehe 29 Machi mahali pasipo na mtandao, simu inaihifadhi na kuituma akirudi mjini, labda Aprili 2. Ukichuja kwa safu hiyo, vilula viwili vya kijiji cha kwanza vilivyokuwa vinatoa maji vinahama robo, na watu 500 wanapotea. Atumie tarehe iliyojazwa kwenye fomu yenyewe.

Kazi ya namna hii ni ya siku mbili, haimharibii mtu chochote kwa sababu ripoti ilishapelekwa, na inamlazimisha kuuliza maswali yenye kichwa na miguu. Akimaliza, Jumatano apande gari na orodha ya vilula vitatu kutoka data hiyohiyo, akavijazie fomu mwenyewe, kisha alinganishe na alichoandika mwenzake.

Fundi_Mkongwe

Mama, hesabu zako nimezikubali, lakini mpangilio sikubaliani nao. Hiyo "haitoi maji" inaandikwa na mtu. Kuna kilula kinatoa saa 12 asubuhi na kukauka saa 3 kwa sababu pampu ya sola haijapata jua la kutosha kujaza tanki. Aliyefika saa 4 ameandika kibovu, aliyefika alfajiri ameandika kizima. Mtu asiyeliona hilo kwanza atazichukulia hizo data kama msahafu.

Mama_Viashiria

Hapo umenigusa, Fundi. Suala la saa ya ziara ni la kweli na fomu nyingi haziliulizi. Bado mimi ningeanza na hesabu, ili akifika kijijini awe na swali la kuuliza. Lakini kama gari lingekuwepo Jumatatu nisingebishana sana.

Kigoma_Kwetu

Mimi nilikuwa "mtu mpya" kwenye mradi wa afya. Kabrasha nilipewa zuri, lenye jalada na kila kitu, ila akaunti ya mfumo sikupewa mpaka wiki ya tatu. Nikawa natumia nywila ya mwenzangu. Chochote nilichorekebisha kilionekana amekirekebisha yeye, na siku data zilipogombana hakuna aliyejua nani kafanya nini. Kingine, niliwekwa kwenye makundi ya WhatsApp mengi siku moja, wala sikuambiwa swali la fedha namuuliza nani na la data namuuliza nani.

Mratibu, angalia fomu zenu za Kobo ziko kwenye akaunti ya nani. Kwetu zilikuwa kwenye akaunti binafsi ya aliyeondoka, kumpata aziachie ilikuwa kazi.

Mama_Viashiria

Hili la Kigoma_Kwetu lifanyie kazi leo hii. Kama fomu ziko kwenye akaunti yake, mwombe ahamishie umiliki kwenye akaunti ya mradi angali anapokea simu zako. Mgeni mfungulie akaunti yake mwenyewe. Kwa wiki mbili za kwanza mpe ruhusa ya kuona na kupakua data, ya kuhariri itafuata. Wala si kwa kutomwamini. Akibadilisha rekodi wakati bado anajifunza, mtapoteza ule ukweli wa kulinganishia.

Mratibu_Kanda

Nimeangalia, fomu mbili kati ya tatu ziko kwenye akaunti yake. Nimempigia, amekubali kuzihamisha. Asanteni sana, peke yangu nisingeliwaza hilo.

Swali jingine: nani amshike mkono? Maafisa jamii wako vijijini siku nne kwa wiki, na mimi nina vikao.

Mama_Viashiria

Chagua afisa jamii mmoja, usigawe kwa wawili. Wapange simu ya nusu saa kila jioni kwa wiki ya kwanza, mgeni akiwa ameandika maswali yake kwenye karatasi. Wewe kaa naye Ijumaa. Na usisahau utambulisho: barua ipite ofisi ya Mkurugenzi wa Halmashauri, afike kwa wakala wa maji vijijini, RUWASA wilaya, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji asaini kitabu cha wageni. Akienda kuhoji watu bila hivyo anaweza kurudishwa, na mlango huo kuufungua tena ni shida.

Mratibu_Kanda

Narudi na mrejesho, wakuu. Wiki ya kwanza imeisha. Nilimpa karatasi mbili, ripoti moja na ile kazi ya hesabu. Hakunaswa na tarehe wala kikomo cha wakazi, ila jumla yake imezidi ya ripoti kwa watu 250. Tumepekua na kukuta ni kilula kimoja kilicho ndani ya uzio wa shule ya msingi. Kinatoa maji, kiko kwenye data, lakini mwenzake aliyeondoka alikuwa hakihesabu. Barua pepe ya uamuzi huo sijaiona. Afisa jamii mmoja anasema kilitolewa kwa sababu kinahudumia wanafunzi, ambao tayari wamehesabiwa majumbani kwao. Mwingine anasema hajawahi kusikia hivyo. Nifanyeje na robo hii?

Mama_Viashiria

Usibadilishe kimyakimya. Robo hii kiache nje kama kilivyoachwa robo zilizopita ili namba zilinganike, weka maelezo mafupi chini ya jedwali, na umwandikie mfadhili kuuliza. Jibu likija liingie kwenye karatasi ya maamuzi, na aliandike huyo binti mwenyewe. Mpigie pia aliyeondoka. Kuhusu hoja ya wanafunzi, mimi naona ina mantiki, ila nimeshaona miradi inayoamua vingine.

Fundi_Mkongwe

Kabla ya kuandika barua, geti la shule hiyo hufungwa saa ngapi? Kuna vijiji ambako jioni kina mama wanaingia kuchota na mwalimu mkuu anajua. Mpeleke Jumatano ijayo, afike saa 11 jioni, ahesabu ndoo.

Mratibu_Kanda

Sijui, Fundi, na kwenye fomu hakuna swali hilo. Nimemwekea kwenye ratiba ya Jumatano.