Picha ya katuni ya wazazi kwenye kanvasi 60 × 90: fundi anataka kuivuta, na rangi zimekufa

Binti_Chanika
Wakuu habari zenu. Wazazi wangu wanatimiza miaka 35 ya ndoa mwezi ujao. Nimemlipa kijana anayechora kwa tableti, akawachora kikatuni, rangi bapa na mistari mizito. Kazi imetoka safi: baba na kofia yake ya viua, mama kajitanda khanga ya rangi ya chungwa, nyuma yao feruzi tupu. Nataka kanvasi ya 60 × 90 ikae juu ya kochi.

Dukani fundi kaniambia picha haienei 60 × 90 ila "ataivuta kidogo". Halafu akanichapia kipande cha majaribio, khanga ya mama imetoka rangi ya tofali na feruzi imefifia. Kumuuliza, anasema kanvasi ndivyo ilivyo. Ni kweli? Faili ninalo lile mchoraji alilonitumia WhatsApp.

Mzee_wa_Flex
Dada hilo dogo. Fungua Photoshop, nenda Image Size, pale kwenye Resolution futa 72 andika 300. Ukimaliza igeuze CMYK, maana mashine zinatumia wino wa CMYK. Mimi nina mashine ya mabango mwaka wa saba huu, na fundi wako hajadanganya sana: kanvasi inakunywa wino, rangi lazima ipoe.

MamaNasri
Achana na kanvasi mwaya, weka fremu ya kioo. Mimi nilichapa picha ya mwanangu wa mwisho akiwa amesimama, wakaikunja kwenye mbao, viatu vyote vikaenda chini ya fremu. Mpaka leo wageni wananiuliza mtoto amesimama kwenye nini.

Wino_Kavu
Binti, kabla ya ushauri wa mtu yeyote, mimi nikiwemo, nipe vitu viwili: faili lina pikseli ngapi kwa ngapi, na mchoraji alitumia profaili gani ya rangi. Kama anachorea Procreate, ataiona kwenye Canvas information.

Mzee, hiyo 300 unayoandika pale haiongezi kitu. Ukiacha Resample bila tiki, pikseli ni zilezile, umebadilisha lebo tu. Ukiweka tiki, kompyuta inabuni pikseli ambazo mchoraji hakuzichora, na mistari mizito ya katuni inaota ukungu pembeni.

Binti_Chanika
Nimerudi. Faili langu ni 1280 kwa 1600. Nimempigia mchoraji, anasema la kwake ni 2400 kwa 3000, profaili ni Display P3. Kwani WhatsApp imekula nusu?

Wino_Kavu
Imekula karibu nusu ya kila upande. Mwambie akutumie PNG au TIFF kwa barua pepe, au kwa WhatsApp hiyohiyo lakini kama Document. Akiituma kama picha, hata ukichagua HD bado inaminywa.

Sasa umbo. Mchoro wako ni 4 kwa 5, kanvasi yako ni 2 kwa 3. Ukiujaza upana wote wa 60, urefu unaishia 75, zinabaki sentimita 15 tupu. Ukiujaza urefu wa 90, upana unakuwa 72, inabidi ukate sentimita 12 pembeni, yaani bega la mzee au mkono wa mama. "Kuvuta kidogo" kwa fundi wako ni kutoka 75 kwenda 90. Nyuso zitarefuka kwa asilimia 20. Ndugu wataona hata kama hawajui wanaona nini.

Utoshelevu wa pikseli mimi naupima kwa sentimita, inchi zinanichanganya. 2400 gawanya kwa 60 unapata pikseli 40 kwa kila sentimita. Hiyo inavumilika kwa picha ya ukutani inayotazamwa kutoka ng'ambo ya sebule, ila ukisogea utaona ngazi kwenye mistari. Kwa 40 × 50 unapata 60 kwa sentimita, kama 150 dpi, na kanvasi yenyewe ina nyuzi zinazoficha kasoro ndogo. Lile la WhatsApp kwa upana wa 60 lilikuwa linatoa 21. Mimi ningechukua 40 × 50.

Mzee_wa_Flex
Sawa kwa pikseli, nimekubali. Lakini 40 × 50 juu ya kochi la watu watatu ni kama stempu bwana. Mchoraji achore upya kubwa.

Binti_Chanika
Kuchora upya ananiongezea hela na muda sina. Na rangi je?

Wino_Kavu
Rangi ndiyo kesi yenyewe, na si kanvasi peke yake. Display P3 ina chungwa na feruzi kali kuliko sRGB. Faili likipoteza profaili njiani, programu ya dukani inalisoma kama sRGB, namba zilezile zinapewa rangi iliyopoa. Hapo ndipo tofali linapozaliwa. Mchoraji asiligeuze CMYK. Aligeuze sRGB kwenye Photoshop, kwa Edit > Convert to Profile, kisha alihifadhi profaili ikiwa ndani. Asichague Assign Profile: hiyo inaacha namba kama zilivyo na kubadilisha jina tu, rangi zinaruka. Assign ina kazi yake pale faili limeshapoteza profaili: unalirudishia kwanza Display P3 yake, ndipo unaconvert.

Ukigeuza CMYK mwenyewe, unakata rangi kwa profaili ya mashine nyingine usiyoijua, halafu programu ya dukani inakata tena. Wengi wenye mashine za picha wanataka RGB.

Mzee_wa_Flex
Wengi, si wote. Mimi mteja akileta RGB namrudisha.

Wino_Kavu
Ndiyo maana aulize dukani kwanza. Wakiwa na profaili ya kanvasi yao, waombe, mchoraji aitumie kuona kwenye skrini rangi zitakavyotoka kabla ya kulipa.

Halafu ya MamaNasri ni ya maana. Kanvasi inakunjwa kwenye mbao, maduka mengi yanataka sentimita 5 za ziada kila upande. Kofia ya mzee iko umbali gani na ukingo wa juu?

Binti_Chanika
Nimepima, kwenye 40 × 50 ni kama sentimita 2 tu.

Wino_Kavu
Basi bila nyongeza kofia inakunjwa nyuma. Mandhari ni feruzi tupu, kazi ya dakika kumi: aiongeze pikseli 300 kila upande, faili liwe 3000 kwa 3600, mtoke 50 × 60 ya kuchapa na 40 × 50 ya kuonekana. Mabega yanayogusa ukingo wa chini ayashushe mpaka mwisho.

Mzee_wa_Flex
Si waigeuze kama kwenye kioo cha kujitazamia tu, pembeni ijirudie yenyewe?

Wino_Kavu
Kofia ikiwa sentimita 2 kutoka ukingoni, ubavu wa juu utakuwa na kofia ya pili kichwa chini.

Binti_Chanika
Mrejesho. Mchoraji kafanya yote. Duka wanapokea RGB. Nimechapisha kipande cha 20 × 20 kwa saizi halisi, usoni mwa baba na ncha ya khanga, nikakiangalia mchana dirishani. Chungwa limerudi, ni chungwa kweli, ingawa si kali kama kwenye simu. Feruzi nzuri. Ila ndevu za baba na koti lake jeusi vimeshikana, mistari ya kahawia iliyovitenganisha haionekani kabisa.

Wino_Kavu
Hapo ndipo kanvasi inapokunywa wino kweli, kwenye giza. Mwambie aiongezee mwanga ile kahawia tu, asiguse picha nzima. Chapa kipande kingine cha hapohapo.

MamaNasri
Na 60 × 90 imeishia wapi?

Binti_Chanika
Nimeiacha. Dada yangu anasema nitundike 40 × 50 katikati na picha mbili za harusi pembeni. Mzee wa Flex bado ananipigia inbox kuhusu stempu.