Kutafsiri maelezo ya Kichina kwenye picha ya msimbo: simu, kompyuta au mkono?

Mkulima_Mgeta: Habari za leo, wakuu. Muuzaji wa kifaa cha kumwagilia bustani amenitumia picha ya skrini yenye msimbo ambao maelezo yake yote ni ya Kichina. Nataka maelezo hayo yawe ya Kiswahili, bila kuguswa kwa maneno ya lugha ya programu wala majina ya vigeu. Nitumie programu ya simu ya kutafsiri picha, nisome maandishi kwa kompyuta, au nichape mwenyewe?

Bi_Saada: Ndugu yangu, hujasema ni lugha gani ya programu, mistari mingapi, wala picha imefikaje. Iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na herufi za Kichina zenye mikwaju mingi huwa za kwanza kuharibika. Mwombe aitume upya kama faili.

Mkulima_Mgeta: Samahani, Bi Saada. Ni Arduino, mistari 40 hivi. Sehemu inayonitatiza ni hii, ambayo rafiki aliyesoma Guangzhou alinichapia:

```
int yz = 600;  // 阈值，高于此值开泵
// digitalWrite(PUMP, LOW);
if (v > yz) digitalWrite(PUMP, HIGH);
```

Kijana_wa_Simu: Simu inatosha kabisa. Maneno kama `if` ni ya Kiingereza, kwa hiyo ukiitaka itafsiri Kichina tu, itayaacha yalivyo.

Fundi_Mzee: Kaka, hiyo ni kweli iwapo umechagua mwenyewe lugha ya kutoka kuwa Kichina. Ukiiacha programu itambue lugha yenyewe, Kiingereza nacho huweza kuingizwa kwenye tafsiri. Mwaka juzi nilifanya hivyo kwa msimbo wa mashine ya kutotolea vifaranga: `break` ikawa "mapumziko", na `case` ikawa "kesi". Nikarudi kusoma picha kwa Tesseract:

```
tesseract picha.png matokeo -l chi_sim+eng --psm 6
```

Maandishi yalitoka vizuri, lakini kompaila ikakataa kwa ujumbe `stray '\357' in program`. Nilikesha nikitazama mstari ambao kwa macho haukuwa na kasoro. Kumbe nukta mkato ilikuwa imesomwa kama ile pana ya Kichina, `；` badala ya `;`. Zaidi ya hapo, maelezo marefu yalikuwa yamekatika mistari miwili kwenye picha, na nusu ya pili ikabaki bila `//` mbele yake, kompaila ikaisoma kama amri. Hayo angalau kompaila huyapigia kelele, ila 3 ikisomwa kama 8 haitasema lolote. Ndiyo maana tangu siku hiyo namba zote nazilinganisha na picha moja baada ya nyingine.

Mwalimu_K: Mimi naona ni vyema pia kubadili `yz` iwe `kiwango`, ili wanafunzi waelewe.

Bi_Saada: Mwalimu, hilo mwenye mada amelikataa tangu mwanzo. `yz` ni kifupi cha *yuzhi*, yaani kiwango cha mpaka, na kuna uwezekano limetumika pengine kwenye mistari ambayo hatujaiona. Mstari wa pili nao usitafsiriwe: una `//` lakini ni amri iliyozimwa, si maelezo. Mimi ningegusa mstari wa kwanza pekee:

```
int yz = 600;  // kiwango cha mpaka; v ikizidi hapa, washa pampu
```

Kijana_wa_Simu: Lakini tafsiri hiyo imegeuka. Pampu huwashwa unyevu unapopungua, si unapozidi.

Fundi_Mzee: Inategemea kihisi. Vile vya kuchomeka ardhini vinavyouzwa kwa wingi hutoa namba kubwa udongo ukiwa mkavu, na msimbo wenyewe unasema `v > yz`. Maelezo na amri vinakubaliana, kwa hiyo Bi Saada yuko sahihi. Mkulima, kitumbukize kihisi kwenye glasi ya maji hadi kwenye alama yake, uangalie kama namba inashuka.

Mkulima_Mgeta: Imeshuka hadi 280. Sasa chini kabisa kuna `Serial.println("湿度");` ambayo rafiki yangu anasema maana yake ni unyevu. Nitafsiri?

Mwalimu_K: Tafsiri, kwani ni maneno tu ya kusomwa na mtu.

Bi_Saada: Nisingethubutu. Hayo si maelezo bali ni data inayotumwa nje, na kama upande wa pili kuna kifaa kinachosubiri neno hilo hilo, kitanyamaza. Kuna nini kwenye waya wa TX?

Mkulima_Mgeta: Kuna kisanduku cheusi kilichozibwa kwa gundi. Nimemuuliza muuzaji ni cha nini na kumwomba faili lenyewe la msimbo, naye amenijibu kwa picha nyingine ya skrini.