Ketoni ya 100: hiki kilele cha 58 kimetoka wapi?

mwanabenchi
Wadau, naombeni msaada. Nina spektra ya tungamo ya ketoni C₆H₁₂O, ioni mama iko 100. Kilele kirefu kuliko vyote ni 43, kuna 85 kifupi, halafu 58 kirefu sana. Mpasuko wa alfa unanipa 43 na 85 bila shida. Ila 58 nimekata molekuli kila mahali, haipatikani. Sampuli ni chafu?

chumvi_kidogo
58 ni ya amini hiyo. Kifungo cha kaboni jirani na naitrojeni kikikatika unapata C₃H₈N⁺. Sampuli yako imechanganyika.

Bi_Spektra
@chumvi_kidogo ioni hiyo ipo kweli, lakini amini yenye naitrojeni moja ingekuwa na ioni mama ya namba witiri. Hapa ni 100, na fomula haina naitrojeni.

Mwanabenchi, ulipaswa kushtuka kwamba 58 ni shufwa. Ketoni ya 100 ukiikata kifungo kimoja tu, vipande vinatoka witiri: 43, 57, 71, 85. Shufwa maana yake molekuli nzima imechomoka. Toa 58 kwenye 100, inabaki 42: propini, C₃H₆.

Chora heksan-2-oni, uikunje. Hidrojeni ya kaboni ya tatu kutoka kwenye kabonili inafikia oksijeni, duara la atomi sita likiihesabu na yenyewe. Inahamia huko, kifungo kati ya kaboni ya kwanza na ya pili kinakatika, propini inaondoka. Inabaki enoli ya asetoni, 58. Ndiyo McLafferty.

kopo_la_etha
Mimi nina alkoholi, 45 ndiyo kirefu na ioni mama siioni kabisa. Nayo ni McLafferty?

Bi_Spektra
Hapana, hiyo ni alfa: CH₃CH=OH⁺, alkoholi yenye OH kwenye kaboni ya pili. Ioni mama ya alkoholi huwa hafifu, tafuta 18 pungufu, maji yametoka. Fungua uzi wako, tusichanganye.

mwanabenchi
Kwa hiyo ni heksan-2-oni, nimemaliza?

Bi_Spektra
Bado. 4-methilipentan-2-oni nayo inapoteza propini na kutoa 58, na 43 inatoa vilevile. Uliyoiondoa ni 3-methilipentan-2-oni, ambayo McLafferty yake ingetua 72.

chumvi_kidogo
Na heksan-3-oni? Nayo ina 43.

Bi_Spektra
Swali zuri. Ila 43 yake ni C₃H₇⁺, si CH₃CO⁺. Mashine ya kawaida haitofautishi. Ya usahihi mkubwa itaonyesha 43.054 dhidi ya 43.018. Lakini heksan-3-oni ingekupa 57 na 71 virefu. Unaviona?

mwanabenchi
71 hakuna. 57 kipo kidogo.

Bi_Spektra
Basi zimebaki mbili. Una NMR ya protoni? Karibu na 0.9 angalia kama ni hidrojeni tatu zenye mistari mitatu, au sita zenye miwili.

mwanabenchi
Foleni ya NMR ni ndefu, nitarudi.