Mrejesho: mkono ulioshika kikombe

Niliuliza: "Kila nikiiambia akili mnemba inichoree mtu ameshika kikombe, vidole vinayeyukia kwenye kishikio. Nakosea wapi?"

Wakuu, imekubali. Nilikuwa naandika "ameshika kikombe" tu, na kikombe hushikwa kwa namna nyingi, kwa hiyo programu ilizichanganya zote. Sasa nimeandika hivi:

"Mkono wa kulia unaonekana kwa ubavu, kamera usawa wa kikombe, kishikio kimeelekea kulia. Kidole cha shahada na cha kati vimepita ndani ya kishikio, gumba limekandamiza juu yake, vidole viwili vya mwisho vimekunjwa chini yake."

Kabla ya kuandika nilishika kikombe changu nikakitazama. Hapo ndipo nilipogundua vidole vinne havienei kwenye kishikio kidogo. Kumbe nilikuwa nadai kisichowezekana!

Picha 3 kati ya 4 zilitoka safi. Ya nne gumba lilizama ndani ya kikombe, nikachagua eneo hilo tu lichorwe upya. Ila mtu akiwa mbali kwenye picha, vidole bado vinavurugika, maana mkono unapata pikseli chache mno. Mkono ulioshika nyundo bado sijaujaribu.